Vyombo vya Kuazima, na Namna ya Kuvirudisha kwa Wenyewe Baada ya Karamu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za vyombo vya kuazima. Kila aliyepata kuwa na shughuli kubwa katika kisiwa chetu cha Pemba, iwe ni harusi, hitima au Maulidi, anajua kuwa hapana nyumba moja yenye vyombo vya kutosha watu mia tatu au mia nne. Basi jirani huombwa sahani, na jirani wa pili huombwa masufuria, na wa tatu vikombe, na karamu hupita salama kwa neema ya Mungu. Lakini siku ya tatu baada ya karamu maneno huanza. Huyu asema sahani zake hazikutimia, yule asema amerudishiwa sufuria lisilo lake, na wa tatu hasemi neno, ila moyoni ameapa kuwa hataazimisha tena. Maneno hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, yanatoka wapi, na njia ya kuyamaliza.

Nitawapa mfano wa Maulidi moja yaliyosomwa katika mwezi wa Mfungo Sita, katika kijiji kimoja cha upande wa Wete, nami nilikuwa mmoja wa walioshughulika na vyombo. Wali ulipakuliwa katika masinia, watu watano watano kwa kila sinia, kama ilivyo desturi yetu. Sahani zilikuwa za mchuzi, kachumbari na ndizi, na nyingine za kupeleka chakula kwa wagonjwa na wazee wasioweza kutoka majumbani. Tuliazima sahani mia na ishirini katika nyumba sita. Kwa mwalimu wa chuo tulipata ishirini na nne, kwa mwenye duka thelathini na sita, kwa fundi wa mashua kumi na mbili, kwa bibi mkunga kumi na nane, kwa mkulima mmoja wa mikarafuu ishirini, na kwa mama mmoja mjane, akaaye kando ya mwembe, sahani kumi. Sahani za mjane zilikuwa za kaure, za kina, zenye maua ukingoni, nazo zilikuwa zimewekwa kabatini tangu siku ya harusi yake. Jumla hiyo iliandikwa katika daftari.

Waswahili wana msemo usemao, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ni kweli, lakini daftari letu lilikuwa na upungufu mmoja, nao ndio uliotutaabisha. Tuliandika idadi ya sahani, lakini hatukuandika sura zake wala alama zake. Mtu akisoma „mjane, sahani kumi‟ anajua hesabu, lakini hajui ni sahani zipi. Naam, hesabu peke yake haitoshi, na sababu yake mtaiona sasa hivi.

Karamu ilipokwisha, vijana wa kike waliosha vyombo kisimani kwa jivu na makumbi, wakavipanga juu ya jamvi. Tulihesabu sahani nzima mia na kumi na saba, na sahani mbili zilizovunjika. Jumla yake ni mia na kumi na tisa, basi sahani moja haikuonekana. Ilikuwa karibu na magharibi, na watu wamechoka, na kila mtu ataka kwenda kwake. Tukagawa sahani katika mapakacha kwa kukisia, tukazipeleka.

Asubuhi yake fundi wa mashua alikuja, akasema, „Nimehesabu mara mbili, ni kumi na moja.‟ Sisi tukaona mambo yamekuwa mepesi. Sahani iliyopotea ni moja, na fundi amepungukiwa moja, basi iliyopotea ni ya fundi. Mzee mmoja akatoa fedha ili inunuliwe sahani nyingine dukani, tumalize. Nasi tungalimaliza hivyo, lau si yule mama mjane. Alikuja taratibu, na pakacha lake kichwani, akalitua barazani, akasema, „Wanangu, hesabu ni kumi, lakini si kumi zangu.‟

Wasikilizaji, tafadhalini lishikeni neno hilo, maana ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Nyumba iliyopungukiwa na hesabu si lazima iwe ndiyo yenye chombo kilichopotea. Vyombo vikichanganyika, upungufu huhama. Sahani ya nyumba moja hujaza pengo la nyumba nyingine, na pengo likatokea nyumba ya tatu, isiyohusika kabisa. Amlipaye yule wa tatu amelipa deni lisilokuwapo, na mwenye kupotelewa amebaki vivyo hivyo.

Basi tuliketi, tukalimwaga pakacha la mjane juu ya mkeka. Sahani saba zilikuwa zake, zenye maua. Tatu zilikuwa za bati, nyeupe tupu. Tukazipindua, tukakuta chini ya kitako cha kila moja pana doa la rangi ya buluu, na doa hilo ni alama ya mwenye duka. Kwa hiyo ilikuwa wazi kuwa sahani tatu za mwenye duka ziko kwa mjane. Lakini mwenye duka hakulalamika, kwani alihesabu akapata thelathini na sita, zikamtosha. Ikiwa tatu zake ziko kwa mjane na hesabu yake imetimia, hapana budi kwake ziko tatu za watu wengine.

Tukaenda dukani, tukamwomba radhi, akatufungulia kabati. Tukazipindua zote thelathini na sita, moja baada ya moja. Thelathini na tatu zilikuwa na doa la buluu. Mbili zilikuwa za mjane, zenye maua. Moja ilikuwa na mstari mwekundu chini, nao ni alama ya fundi wa mashua. Hiyo ndiyo sahani yake ya kumi na mbili! Ilikuwa haikupotea hata kidogo, ilikuwa imelala kabatini mwa mwenye duka.

Tukarudisha kila kitu mahali pake. Mwenye duka akapokea tatu zake, akatoa tatu za watu, akabaki na thelathini na sita. Fundi akatimiza kumi na mbili. Mjane akapata mbili juu ya saba, zikawa tisa. Sahani mbili zilizovunjika zilikuwa za mwalimu wa chuo, nasi tulizijua kwa sababu kibibi mmoja mwenye busara aliwakataza vijana wasivitupe vigae. Alama ya mwalimu ilikuwa imebaki katika kigae cha kitako. Angalieni faida ya jambo hilo dogo. Kama vigae vingalitupwa shimoni, hesabu yetu ingalikuwa na sahani tatu zisizojulikana zilipo, badala ya moja, na sahani nzima ishirini na mbili za mwalimu zingalionekana kama zimeibiwa mbili.

Sasa ilidhihirika kuwa sahani moja iliyopotea kweli ilikuwa ya mjane. Siku ile ile palikuwa na mnong'ono. Msichana mmoja katika waliokuwa wakiosha vyombo kisimani alisifu sahani za maua mbele ya wenzake, na watu wawili watatu wakaanza kukumbuka sifa hizo kwa ubaya. Mama yake alisikia, akamzuia mtoto asitoke nje. Hapo ndipo nilipoona kuwa sahani moja yaweza kuvunja jina la mtu kuliko mtu awezavyo kuivunja sahani.

Mpishi mkuu akasema tusimtazame mtu, tutazame njia. Chombo katika karamu kina njia tatu tu za kutoka. Ya kwanza ni kisimani au karoni, na huko hubaki hasa masufuria yaliyoshika ukoko, kwa kuwa huloweshwa maji yakasahauliwa chini ya mgomba. Ya pili ni jikoni penyewe, ambapo vikombe na kata hufunikwa na majivu ya mafiga au huingia katika majani ya migomba yaliyotupwa. Ya tatu ni chakula kilichopelekwa nje kabla watu hawajaketi kula. Njia mbili za kwanza tulizipekua siku ile ile kwa ufito na mikono, tukapata vijiko vitano na kifuniko kimoja cha birika, lakini sahani hatukuiona. Ikabaki njia ya tatu.

Tukamwuliza bibi aliyekuwa akipakua chakula cha wagonjwa. Hakuandika, lakini alikumbuka nyumba kumi na moja, akazitaja kwa vidole. Sahani kumi zilikuwa zimerudi jioni ile ile. Ya kumi na moja alimpa mtoto mwanamume apeleke kwa mzee mmoja mgonjwa, ng'ambo ya bonde la mpunga. Je, sahani ilikuwa ya namna gani? Bibi akafikiri, akasema, „Nilichagua nzuri, kwa sababu yule mzee ni mtu wa heshima.‟

Tukamtuma mtu bondeni, akaikuta sahani imeoshwa na kufunikwa kwa kawa, juu ya meza. Mke wa mzee alikuwa akingoja mkungu wake wa ndizi uive. Ninyi mnajua desturi yetu, kuwa sahani iliyokuja na chakula hairudi tupu. Bibi yule aliona haya kuirudisha bila kitu, na siku ile nyumbani hapakuwa na kitu. Hakika hakuwa mwizi wala mzembe, bali adabu yake ndiyo iliyoichelewesha sahani. Yule msichana aliyenong'onwa akaitwa, na mzee wa mtaa akamwomba radhi barazani mbele ya watu, kama alivyosemwa mbele ya watu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nitaeleza mambo machache yatakayozuia taabu kama hiyo, kwa mtu atakayekuwa mshika vyombo wa karamu.

La kwanza ni alama. Alama itiwe na mwenye chombo nyumbani kwake, kabla ya kuazimisha, nayo ifae chombo chenyewe. Sahani ya bati hupakwa doa au mstari wa rangi chini, pasipogusa chakula. Watu wengine huigonga kwa msumari, lakini hilo si jema, kwani ule mng'aro wa juu hubanduka, kutu ikaingia, na baada ya muda sahani hutoboka hapo hapo. Sufuria ni kinyume chake. Ukilipaka rangi chini, moto utaila siku ya kwanza. Alama yake ichongwe kwa tupa au kwa msumari juu ya ukingo au kando ya sikio, na alama ile ile itiwe katika kifuniko, maana vifuniko ndivyo vipoteanavyo na masufuria yao. Kikombe kitiwe alama katika kitako, na kisahani chake vivyo hivyo, kwa sababu viwili hivyo huoshwa mbalimbali na kurudi vimeachana. Mtu asitegemee uzi uliofungwa katika mkono wa kikombe, kwani uzi hufunguka majini. Chungu cha udongo hakihitaji alama nyingi. Mwenyewe hukijua kwa masizi yake, kwa pengo la mdomo wake na kwa alama za mfinyanzi. Lakini mshika vyombo hakijui, basi na aandike hayo aliyoonyeshwa.

La pili ni kuandika. Daftari liwe na safu nne: jina la nyumba, idadi, alama, na aibu ya chombo, yaani ufa, pengo au kishiko kilicholegea. Aibu iandikwe mbele ya mwenye chombo siku ya kuchukua, wala si siku ya kurudisha. Ufa ulioandikwa mapema hauleti ugomvi, bali ufa uonekanao siku ya pili kila mtu humtwika mwenziwe. Masufuria yaandikwe kwa kadiri ya mchele yanaopika, kama sufuria la pishi tatu au la pishi tano, kwa kuwa kwa macho tu masufuria mawili yaliyokaribiana hudhaniwa kuwa sawasawa. Chakula kinachopelekwa nje kiwe na ukurasa wake peke yake, na kila sahani itokayo iandikwe imekwenda kwa nani, kwa mkono wa mtoto yupi, na ni ya nyumba gani. Tena bora chakula hicho kitiwe katika vyombo vya mwenye karamu mwenyewe, visiwe vya kuazima, ili vikichelewa asipate taabu mtu mwingine.

La tatu ni kutenga. Vyombo vikishaoshwa visigawanywe kwa idadi, vigawanywe kwa alama. Tandika jamvi, weka fungu la kila nyumba mbali na fungu la nyumba nyingine, na kila chombo kipinduliwe kitazamwe kabla hakijawekwa. Kisicho na alama kiwekwe kando mpaka mwisho. Mafungu yote yakitimia, kilichobaki kitajulikana chenyewe ni cha nani, kwani patakuwa na fungu moja tu lenye upungufu. Kazi hii ifanywe mchana. Ikiwa jua limekuchwa, vyombo vilale pamoja mahali pamoja, vigawanywe asubuhi. Kosa letu sisi lilikuwa ni kugawa kwa giza na kwa haraka.

Na pengo likitokea baada ya kurudisha, fuata njia niliyoieleza: anza na nyumba yenye chombo kisicho chake, wala usianze na nyumba yenye upungufu. Chombo kigeni kina alama, na alama itakuambia nyumba ya pili ya kwenda. Huko utakuta chombo kingine kigeni, nacho kitakupeleka nyumba ya tatu. Endelea hivyo mpaka upate nyumba yenye upungufu ambayo vyombo vyake havimo katika nyumba yo yote uliyoitazama. Huyo ndiye aliyepotelewa. Njia hii haifai kitu kama vyombo havina alama. Ikiwa nyumba mbili zina sahani zilizonunuliwa duka moja, sura moja, na hazikutiwa alama, hapana awezaye kuzipambanua, na afadhali wenyewe wapatane, kila mmoja achukue idadi yake.

Baki neno la malipo. Wengi wetu hapa Pemba ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo chombo cha kuazima kiko katika dhamana ya aliyeazima. Ikiwa kimepotea au kimeanguka kikavunjika, atalipa, hata ikiwa hakufanya uzembe, na malipo ni thamani yake siku ya kupotea. Lakini kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyopewa ruhusa hakilipwi, kama masizi ya sufuria au kuchujuka kwa rangi ya sahani. Gharama ya kukirudisha ni ya mwazimaji, wala mwenye chombo hapaswi kukifuata. Tena mwazimaji hana ruhusa ya kumwazimisha mwingine bila ya idhini ya mwenyewe, kwa hiyo sufuria lililoombwa kwa Maulidi lisipitilize kwenda katika harusi ya jirani. Mnaikumbuka habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoazima deraya kwa Safwani bin Umayya kabla ya vita vya Hunaini, mwaka 630 wa miladi. Safwani alishuku kuwa anapokonywa, Mtume akamwambia kuwa ni azima yenye dhamana. Na habari ya bakuli lililovunjika nyumbani kwake pia inajulikana, kuwa aliyeletewa chakula alirudisha bakuli zima, na lile lililovunjika likabaki katika nyumba lilimovunjika.

Kwa hukumu hiyo mwalimu wa chuo alilipwa sahani mbili, ingawa alisema hataki. Mzee wa mtaa alimjibu, „Shehe, ukisamehe wewe, siku ya pili mwenye sahani kumi ataona haya kudai.‟ Mwalimu akanyamaza, akapokea.

Siku hizi wako watu wanaokodi vyombo, na wengine hutumia sahani za plastiki zinazotupwa. Hayo hupunguza maneno, lakini masufuria makubwa na masinia bado huombwa kwa jirani katika vijiji vyetu, na pale yanapoombwa daftari na alama havina badala.

Yule mama mjane alirudishiwa sahani yake ya kumi, na juu yake zilikuwamo ndizi sita mbivu. Mwaka uliofuata tulikwenda kwake tena kuomba. Alitutolea sahani kumi, lakini kwanza alizipindua zote mbele yetu. Chini ya kila moja palikuwa na tone la rangi ya kijani, limekauka vizuri. Akasema, „Andikeni, kijani.‟ Nasi tukaandika.